Shingo, Kola na Nywele: Kumvalisha Mteja Koti la Suti Bila Kumbadilisha Sura

Ndugu wapiga picha wenzangu, wahariri wa picha, wenye studio za hapa Arusha, na ninyi mliopanda gari alfajiri kutoka Moshi ili muwahi, nawasalimu nyote na ninawashukuru waandaaji kwa kunipa muda huu. Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wetu tunaifanya karibu kila wiki: mteja amepigwa picha akiwa amevaa fulana au blauzi ya nyumbani, anahitaji picha ya kikazi kwa ajili ya kuomba ajira au kuwekwa kwenye ukurasa wa kampuni yake ya utalii, na anaomba tumvalishe koti la suti kwenye kompyuta huku uso, ngozi na nywele zake zikibaki kama zilivyo.

Sitazungumzia kazi yote. Nitakaa mahali pamoja, yaani pale koti linapokutana na mwili: shingoni, na mabegani zinapoangukia nywele. Nimechagua hapo kwa sababu picha nyingi ninazoletewa zikiwa zimeharibika zimeharibikia hapo, na kwa sababu mhariri akishindwa hapo ndipo anapoanza kuhangaika na ngozi ya mteja ambayo hakupaswa hata kuigusa.

Kuna mama mmoja wa Machame aliyeniletea picha ya kijana wake iliyokuwa imehaririwa kwingine. Aliiweka mezani, akaifunika kuanzia kidevuni kwenda chini kwa kiganja, akasema, "Huyu ni mwanangu." Kisha akaondoa kiganja na kuuliza, "Sasa baba, hii shingo ni ya nani?" Mama yule hakuwa anajua lolote kuhusu uhariri, lakini jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye kosa. Shingo ilikuwa na rangi moja iliyolala, haina kivuli cha kidevu, haina mkunjo hata mmoja, na kola nyeupe ya shati ilikuwa imebandikwa juu yake bila kuacha alama yoyote ya kuigusa. Nilipoutazama uso kwa karibu, niliona kwamba nao ulikuwa umeng'arishwa kidogo, na sababu yake ilikuwa ndani ya shati lenyewe.

Naomba tuielewe sababu hiyo kwanza, maana ndiyo inayozaa makosa mengine. Makoti mengi tunayoyatumia ni yale ya kupakua, yaliyokwisha kukatwa na kuondolewa mandhari, na yalipigwa picha chini ya taa kali za fleshi ili kitambaa kionekane vizuri. Kwa kipimo cha mwanga ambacho 0 ni weusi kabisa na 255 ni weupe mtupu, shati la namna hiyo mara nyingi limefika 255 au limekaribia sana, na koti jeusi limeshuka karibu na 0. Picha ya mteja wako aliyekaa kando ya dirisha haina weupe wa namna hiyo mahali popote isipokuwa labda kwenye kijinuru kidogo ndani ya jicho. Unapoliweka shati hilo chini ya uso wake, jicho la mtazamaji linalinganisha, na ghafla uso unaonekana mweusi kuliko ulivyokuwa dakika moja iliyopita, ingawa hakuna pikseli hata moja ya uso iliyobadilika. Hapo mhariri anadhani uso una giza, anaupandisha mwanga, ngozi inapoteza wekundu wake wa asili, na mteja anarudi nyumbani akiwa na sura ambayo ndugu zake wanaikataa. Dawa yake ni kulishusha shati mpaka sehemu zake zenye mwanga ziwe kati ya 225 na 235, na kulipandisha koti ili sehemu zake za giza zisishuke chini ya 20 au 25. Ukifanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote, utaona uso umerudi mahali pake wenyewe.

Kanuni ninayoifuata inatokana na hilo. Uso, ngozi na nywele ndivyo kipimo, na koti ndilo linalorekebishwa lifanane navyo. Likishindikana kufanana, unatafuta koti lingine.

Sasa nitawaeleza kazi moja kwa urefu. Dada mmoja mhasibu, mwenyeji wa Moshi, alikuwa anaomba nafasi kwenye taasisi moja hapa mjini. Alikuwa na picha nzuri sana iliyopigwa karibu na dirisha mwezi Julai, siku ya mawingu, akiwa amevaa fulana ya shingo ya duara yenye rangi ya njano iliyokolea. Nywele zake zilikuwa za kusuka, rasta nyembamba zilizofika chini ya mabega, na baadhi yake, upande wa kushoto kwake, zilikuwa zimeangukia mbele ya bega juu ya fulana. Mwili ulikuwa umegeuka kidogo kuelekea dirishani na uso ukaitazama kamera. Alitaka koti la bluu iliyoiva na shati jeupe, na alisema wazi kwamba hataki kuonekana kama amejipodoa.

Hatua ya kwanza ni kuusoma mwanga. Wenzangu, mnajua mwanga wetu ulivyo. Arusha iko takriban nyuzi 3 na nusu kusini ya Ikweta, kwa hiyo mwezi Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua hupita karibu juu ya utosi kati ya saa sita na saa saba mchana, na mtu aliyepigwa picha nje wakati huo huwa na kivuli kizito chini ya nyusi, pua na kidevu. Mwezi Julai, mawingu yakiwa yametanda kutoka Meru, mwanga ni laini na vivuli havina kingo. Koti lililopigwa chini ya fleshi kali lina vivuli vyenye kingo kali kwenye mikunjo ya mikono na chini ya kola, na haliwezi kukubaliana na uso wa Julai hata ulirekebishe vipi. Kwa dada huyu nilitazama kwanza kijinuru cha dirisha ndani ya macho, kisha kivuli cha pua, kisha upande wa shingo ulio na giza. Vyote vitatu vilisema jambo moja: mwanga unatoka kuliani kwake, juu kidogo, nao ni laini. Nikatafuta koti lenye mwanga laini kutoka upande huohuo.

Hapa kuna mtego ambao wengi wetu huingia. Ukikuta koti zuri lakini mwanga wake unatoka upande wa pili, unashawishika kuligeuza kushoto-kulia kama kioo. Mwanga utakubali, lakini koti halitakubali. Koti la kiume lina mfuko wa kifuani upande wa kushoto wa mvaaji, na upande huo wa kushoto ndio unaofunga juu ya wa kulia. Ukiligeuza, mfuko unahamia kulia na vifungo vinafunga kama vya koti la kike. Mtu aliyezoea kuvaa suti ataona kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hatajua kukitaja. Ukilazimika kuligeuza, chagua koti lisilo na mfuko wa kifuani, au upunguze picha juu ya kifungo cha kwanza na uufute mfuko kabisa.

Baada ya koti kuchaguliwa, linapimwa kwenye mwili. Ninalifanya lionekane kwa asilimia 50 tu kwa kidude cha Opacity cha Photoshop ili niweze kuiona fulana chini yake, kisha nafuata mstari wa mabega ya mteja mwenyewe. Koti halisi huwa na pedi, kwa hiyo bega lake linapaswa kutoka nje kidogo ya bega la fulana, kiasi cha sentimita moja au mbili kama ungekuwa unalipima mwilini, na mteremko wa bega ubaki uleule wa mteja. Kama bega lake moja liko chini kuliko lingine, na karibu kila mmoja wetu yuko hivyo, koti nalo lifuate. Wanaonyoosha mabega yawe sawa kama rula ndio wanaopata picha ambayo kichwa kinaonekana kama kifuniko kilichowekwa juu ya sufuria isiyo yake. Na kichwa chenyewe hakipunguzwi wala hakiongezwi. Koti likionekana kubwa, ni lenyewe linalopunguzwa.

Sasa tufike shingoni. Shati lililovaliwa lina kola inayozunguka shingo nzima, na hilo lina maana kwamba sehemu yake iko nyuma ya shingo na sehemu nyingine iko mbele. Wengi huliweka koti zima kama tabaka moja, au leya kama tunavyoita wenyewe, na hapo shingo haiwezi kuingia ndani ya kola. Inabaki imesimama nyuma yake kama nguzo nyuma ya ubao. Ninachofanya ni kulikata shati mara mbili. Chini kabisa inabaki picha ya asili bila kuguswa. Juu yake naweka leya ya sehemu ya ndani ya kola, ile inayoonekana pembeni mwa shingo kwa nyuma, na kwa kutumia maski naificha kila mahali ambapo shingo inapita mbele yake. Juu yake naweka koti na ncha za mbele za kola, ambazo zinaifunika shingo kwa chini. Shingo sasa ipo katikati, imezungukwa. Sehemu ya nyuma ya kola inapaswa kuwa na giza kidogo kuliko ya mbele, kwa sababu mwanga hauingii huko kwa urahisi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya jicho liamini kwamba kuna nafasi halisi ndani ya shati.

Shingo ya duara ya fulana huwa inakaa kwenye shina la shingo, na kola iliyosimama huifunika bila shida. Tatizo linakuja mteja anapotaka shati lililofunguliwa kifungo cha juu, au blauzi yenye shingo ya V, kwa maana hapo koti litaonyesha ngozi ya kifua ambayo fulana ilikuwa imeificha. Ngozi hiyo haipo kwenye picha. Nimeona watu wakiichukua kutoka shavuni au kwenye paji la uso na kuipaka hapo, na matokeo yake ni kifua chenye vinyweleo vya shavu na mng'ao wa paji la uso. Ushauri wangu ni mmoja na sina namna ya kuulainisha: usitengeneze ngozi. Mchagulie vazi lililofungwa, au mwombe arudi apigwe picha nyingine. Kwa wateja wanaopigwa picha studioni kwenu, wakunjieni shingo ya fulana kwa ndani kabla ya kupiga, au muwape kipande cha kitambaa chepesi cha kijivu wajifunge chini ya mitulinga. Jambo hilo halichukui hata dakika, nalo linakuachia ngozi yake mwenyewe ya kufanyia kazi.

Kola ikishakaa, inabaki kazi ya vivuli, na hapa ndipo watu wenye ngozi kama zetu tunaharibiwa zaidi. Kivuli cha mguso, yaani kile chembamba kinachotokea pale kitambaa kinapoigusa ngozi, mafunzo mengi huelekeza kichorwe kwa brashi nyeusi. Kwenye ngozi ya kahawia, weusi mtupu ukichanganywa hautoi kivuli. Unatoa rangi ya majivu, kwa sababu unapunguza wekundu na udhahabu ambao kivuli cha kweli huubakiza. Jaribuni kutazama chini ya kidevu cha mtu aliye karibu nanyi hapa ukumbini: sehemu yenye giza ni kahawia iliyokolea yenye wekundu, na mara nyingi rangi yake ni nzito kuliko ya shavu. Kwa hiyo ninachukua rangi kutoka kwenye kivuli ambacho tayari kipo kwenye shingo ya mteja, nafungua leya mpya yenye hali ya Multiply, naipaka kwa brashi laini kando ya ukingo wa kola, halafu naishusha mpaka kati ya asilimia 20 na 35. Karibu kabisa na kitambaa kivuli kinakuwa chembamba na chenye ukingo unaoonekana, na kadiri kinavyopanda juu ya shingo kinapanuka na kufifia. Kwa dada wa Moshi upande wake wa kulia, ulioelekea dirishani, ulihitaji kivuli kidogo mno, na upande wa kushoto ukahitaji zaidi.

Kivuli cha pili husahaulika kabisa, nacho ni kile cha kidevu juu ya shati. Shati jeupe haliwezi kukaa chini ya kidevu cha mtu likabaki jeupe kila mahali. Leya nyingine ya Multiply, safari hii kwa rangi ya kijivu yenye joto kidogo, inapakwa juu ya kola chini ya kidevu, upande ulio mbali na mwanga, na hapo ndipo kichwa na nguo vinapoanza kuwa vya mtu mmoja.

Ile fulana ya njano, ndugu zangu, ilikuwa na jambo jingine. Nguo yenye rangi kali huurudisha mwanga wake kwenye ngozi iliyo karibu. Chini ya taya la dada yule, na kwenye upande wa shingo, kulikuwa na umanjano ambao haukuwa wa ngozi yake. Fulana ilipokuwapo, hakuna aliyeuona, kwa sababu chanzo chake kilikuwa hapohapo. Nilipoweka shati jeupe na koti la bluu, umanjano ule ulibaki bila mwenyewe, na ngozi ikaonekana kama ya mgonjwa. Nilifungua leya yenye hali ya Color, nikachukua rangi ya shingo kutoka sehemu ya juu, karibu na sikio, ambako fulana haikufika kwa mwanga wake, nikaipaka polepole chini ya taya kwa nguvu ya asilimia 40 hivi. Hali ya Color hubadilisha rangi tu na kuuacha mwanga na giza vilivyo, kwa hiyo vinyweleo, mikunjo ya shingo na vijidoa vyote vilibaki mahali pake. Ukiacha vivuli vya kola, hiyo ndiyo mara pekee niliyoigusa ngozi yake katika kazi nzima, pamoja na chunusi moja ya kidevuni ambayo mwenyewe aliniomba niiondoe.

Kuhusu chunusi, kipimo changu ni muda. Kitu ambacho kitakuwa kimeondoka chenyewe baada ya wiki mbili kinaweza kuondolewa mteja akiomba. Kovu, baka la kuzaliwa, chale, mistari ya macho na weusi wa chini ya macho ambao mtu anao siku zote vinabaki. Zana za kulainisha ngozi sizifungui kabisa katika kazi ya namna hii, kwa sababu ngozi iliyolainishwa juu ya kitambaa chenye nyuzi zinazoonekana inatangaza yenyewe kwamba vitu hivi viwili havikutoka kwenye kamera moja.

Nywele sasa. Jambo la kwanza ninalolisema kwa wanaojifunza kwangu ni hili: kama mteja hakuomba mandhari ibadilishwe, usizikate nywele kutoka kwenye mandhari yake. Tumezoea kumkata mtu mzima, tukamweka kwenye rangi ya bluu au nyeupe, kisha tukaanza kulia kwamba afro imekuwa kama kofia. Kazi yetu hapa ni nguo. Mzunguko wote wa kichwa, vile vinywele vidogo vya pembeni, nywele laini za mbele ya masikio, vyote vinaweza kubaki kwenye picha ya asili kwa sababu koti halivifikii. Mtu mwenye nywele fupi au afro ya wastani hahitaji kukatiwa hata unywele mmoja. Kinachoweza kukusumbua ni mikono ya fulana iliyotokeza nje ya koti, na hiyo hufutwa kwa kunakili mandhari ya pembeni yake.

Kwa dada wa Moshi, zile rasta zilizoangukia mbele ya bega ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Nilinakili picha ya asili, nikaiweka juu ya koti, nikaificha yote kwa maski nyeusi, kisha nikaanza kuzifunua rasta moja baada ya nyingine. Kwa zile nene nilichora mstari wa kalamu kando ya kila moja na kuulainisha ukingo kwa nusu pikseli hadi pikseli moja tu, kwa maana ukingo ukilainishwa zaidi ya hapo rasta inaonekana imelowa ukungu. Katikati ya rasta mbili kulikuwa na nafasi ambazo njano ya fulana ilichungulia, na nafasi hizo lazima zifichwe zote kwa maski ili bluu ya koti ionekane. Moja ikisahaulika, itaonekana kama cheche. Kwa ncha zilizotawanyika nilitumia brashi ya kingo iliyomo ndani ya Select and Mask, lakini kwa kiasi, kwa sababu brashi hiyo ikizidishwa hula nywele zenyewe.

Pamoja na uangalifu wote huo, vinywele vilivyotoka nje ya msuko vilibaki na ukingo wa njano. Sikuvifuta, maana msuko usio na kinywele hata kimoja cha nje unafanana na kamba ya plastiki. Nilivipaka rangi ya nywele zake kwa leya ya Color iliyofungwa kwenye leya ya rasta pekee, na pale ambapo njano ilikuwa imeng'aa mno, nilichora vinywele vichache vipya kwa brashi ya pikseli moja au mbili, nikifuata mwelekeo wa vile vya asili. Mwisho nikaweka kivuli cha rasta juu ya koti, kikiwa kimesogea kidogo kuelekea kushoto kwake na chini, mbali na dirisha. Nywele zinazolala juu ya nguo bila kivuli zinaelea.

Koti lenye rangi iliyoiva lilinisaidia na pia lilinipa taabu. Mabaki madogo ya kukata hayaonekani juu ya bluu nzito kama yanavyoonekana juu ya kijivu, lakini rasta nyeusi juu ya koti la giza zinaweza kupotea, zikabaki doa moja. Kinachoziokoa ni ule mng'ao mwembamba unaopita juu ya kila rasta upande wa mwanga. Mng'ao huo ulikuwapo tayari kwenye picha ya asili, nami niliulinda kwa kuhakikisha kwamba marekebisho ya giza ya koti hayazigusi leya za nywele.

Kabla ya kufunga kazi, niliupima ukali wa picha. Koti lilikuwa kali kuliko uso, nikalififisha kwa nusu pikseli, kisha nikaliongezea chenga kidogo, kati ya asilimia 1 na 2, mpaka likafanana na chenga za ngozi nilipolitazama kwa ukubwa wa asilimia 200. Halafu naondoa rangi zote kwa muda ili nibaki na nyeusi na nyeupe, maana hapo shati lililozidi weupe halina pa kujificha, na naigeuza picha nzima kama kioo ili jicho langu lililokwisha kuizoea liione upya. Mwisho naipunguza mpaka pikseli 400, ukubwa unaokaribia ule ambao mwajiri ataiona kwenye skrini. Rafiki wa dada yule aliyekuja naye alipoiona alimwambia, "Dada, hili koti umelinunua lini?" Sikuhitaji kipimo kingine.

Nimalizie na mahali ambapo kazi hii haifai kabisa. Picha za viza ya Marekani, kwa mfano, haziruhusiwi kubadilishwa kidijitali kwa namna yoyote inayobadilisha mwonekano wa mwombaji, na nchi nyingine nyingi nazo hukataa picha zilizohaririwa. Mteja akikuambia picha ni ya pasipoti, viza au kitambulisho, usimvalishe chochote kwenye kompyuta, hata akikuomba kwa upole kiasi gani na hata kama kazi yako ni safi kiasi gani, kwa sababu atakayerudishwa dirishani ni yeye. Vilevile simvalishi mtu joho la wakili wala sare ya askari ambayo sina hakika kama ni yake. Kwa wateja wa pasipoti, viza na vitambulisho ninaweka studioni makoti halisi, la bluu na la kijivu, katika saizi ndogo, ya kati na kubwa, pamoja na mashati meupe na vibanio vya kulibana koti mgongoni likiwa pana. Makoti ya mitumba yanatosha kabisa, mradi kola zake ziwe hazijachakaa, na mteja akilivaa, kivuli cha kola shingoni mwake kinatokea chenyewe.